Nondo Mlangoni kwa Mama Mdogo

Swali la mama mdogo lilikuwa fupi, na ndiyo maana lilinitesa. Alisema, "Wewe si ndiye unayewauliza wakubwa redioni? Basi niulizie na mimi. Nihame au nibaki?"

Aliniuliza akiwa upande mmoja wa mtaro na mimi upande wa pili. Mtaro ulikuwa umechimbwa sentimita chache kutoka kwenye kizingiti chake, mtu mzima akishuka unamfika kiunoni, na chini yake yalisimama maji ya mvua yenye rangi ya chai ya maziwa. Alikuwa ametandika mbao mbili za jukwaa ziwe daraja. Nilivua viatu, nikavuka kwa mikono hewani, naye akanicheka mpaka akashika ubavu.

"Mtu mzima anaogopa maji ya vyura," akasema. "Karibu mgahawani."

Senta yetu ipo kwenye barabara inayotoka Segese kuelekea vijiji vya machimbo. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyenilea, alikuwa na kibanda cha mbao na bati katika safu ya pili ya soko la zamani. Aliuza chai na chapati asubuhi, wali na maharage mchana, na jioni nyama ya mbuzi ya kuchoma. Wateja wake walikuwa madereva wa Fuso, watu wa bodaboda, na wachimbaji waliotoka kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, wakiwa na vumbi hadi kwenye kope. Watu wa namna hiyo hawaachi gari mbali wakatembea kutafuta wali. Wanasimama panaposimamika. Tangu mtaro uchimbwe, hapakusimamika.

Greda lilikuja wakati wa kiangazi, watu wakiwa wametoka kuuza pamba. Kipande cha kupita senta kingewekwa lami, tukaambiwa, na sehemu nyingine changarawe. Watu walishangilia, akina mama wakapiga vigelegele, hata mimi nilitangaza kwa sauti ya harusi. Mvua za kwanza zilipoanza, greda likaegeshwa kambini na halikuwashwa tena. Mahindi yalipandwa, yakapaliliwa, yakabeba, na tulipofika wakati wa kuchoma mahindi mabichi greda lilikuwa pale pale na ndege wamejenga kwenye bomba lake la moshi.

Safu ya mbele ya vibanda ilikuwa imepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu, na wenyewe walishaondoka. Kibanda cha mama mdogo hakikupigwa X. Mtu mwingine angefurahi. Yeye ilimnyima usingizi. Kwa nini wenzake wote wa mbele wapigwe yeye aachwe, halafu mtaro uje mpaka mlangoni? Aliona wamemsahau, au wana lao jambo. Mtendaji wa kata naye alikuwa ametangaza kwamba nyuma ya shule ya msingi kuna soko jipya lenye vizimba vya kupewa wafanyabiashara wa barabarani. Anayetaka ajiandikishe kabla ya mwisho wa mwezi, na akijiandikisha anaiachia kata nafasi yake ya zamani. Asiyejiandikisha, abaki na lake.

Mama mdogo alikuwa na akiba ya kujenga mara moja tu. Akihamia nyuma ya shule na barabara ikamalizika, atakuwa amejizika mwenyewe mahali pasipopita gari. Akibaki na barabara ikamla, atakuwa amekosa huku na huku. Ndilo swali alilonipa, na mwezi ulikuwa umeshafika nusu.

Nikamwambia, "Nipe wiki moja." Nina kasoro hiyo. Mdomo wangu hutangulia, akili inafuata kwa miguu.

Nilianza kwa diwani, kwa kuwa diwani ndiye wa karibu. Alikuwa mtu mwenye furaha nyingi, na nilimkuta nje ya ukumbi wa halmashauri siku ya kikao cha baraza.

"Fedha ipo," alisema, na alisema kama mtu aliyeiweka mfukoni mwenyewe. "Barabara yetu imo kwenye bajeti. Imepitishwa. Waambie wananchi watulie."

Nikaingia kikaoni nikakaa nyuma. Kweli, barabara yetu ilisomwa kwa jina lake, na urefu wake, na fungu lake. Nilitoka nikiwa mwepesi, nikampigia mama mdogo nikamwambia fedha ipo. Akauliza, "Sasa kama ipo, mbona greda limelala?" Nikamwambia mtandao unasumbua.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya barabara ya wilaya. Mhandisi alikuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, mpole, aliyechoka, na mezani kwake palikuwa na kipande cha lami kilichokatwa mviringo anachokitumia kuzuia karatasi zisipeperushwe na feni. Nilimsalimu nikampa habari ya diwani. Akatabasamu kwa upole wa mtu aliyesikia jambo hilo mara nyingi.

"Bajeti ni ruhusa ya kutumia, dada. Si hela," akasema. "Kupitishwa ni jambo moja. Fungu kuingia ni jambo jingine. Na linaingia kidogo kidogo, si mkupuo."

"Kwa hiyo hela haijaingia?"

"Sehemu imeingia. Mkandarasi tulimpa malipo ya awali, akaleta dhamana ya benki. Akafanya kazi, akaleta cheti cha kwanza cha malipo, tukamlipa. Kilichelewa, ndiyo, lakini tulimlipa. Cheti cha pili hajaleta mpaka leo. Sasa nimlipe nini?"

Nikamwuliza cheti hicho ni kitu gani. Akanieleza taratibu. Mkandarasi halipwi kwa kuwa amechoka au kwa kuwa ameahidi. Kazi iliyofanyika inapimwa na pande mbili, watu wake na watu wa ofisi, wanakubaliana ni tuta la urefu gani na kifusi kiasi gani, ndipo anaandaa madai, mhandisi anathibitisha, na madai yanakwenda kwa wahasibu kusubiri fungu. Bila vipimo hakuna cheti, na bila cheti hakuna malipo.

"Kwa hiyo kosa ni la mkandarasi," nikasema, kalamu tayari.

"Sikusema hivyo."

"Basi ni la hazina."

"Na hilo sikulisema. Andika kwamba taratibu zinaendelea."

Nilikasirika. Nilimwambia taratibu hazinywi chai, na huko senta kuna mwanamke anavuka mtaro kwa mbao. Akanisogezea chupa ya maji. Nikanywa, nikaona aibu, nikaondoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Diwani alikuwa anasema kweli. Mhandisi naye alikuwa anasema kweli. Na barabara haikuwepo.

Wazee husema kuuliza si ujinga. Lakini ukiuliza sana, watu waliokujua na akili zako wanaanza kukuangalia vingine. Mhariri wangu alinitania kwamba nimeposwa na greda. Kule senta vijana wa bodaboda wakanipa jina la "Madam Lami", na kila nikishuka wananipigia honi wakiuliza nimekuja na ndoo ngapi za lami.

Siku ya tatu ya kuzunguka nilikwenda kambini kwa mkandarasi. Bosi mwenyewe hakai pale, yuko Mwanza, na wengine walisema ameshapeleka mitambo yake mingine Runzewe kwenye kazi nyingine. Aliyekuwepo ni msimamizi wa kazi, mtu wa Pwani, mnene, amevaa kizibao cha kung'aa juu ya fulana. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha greda akimenya muwa.

"Wewe ndiye Madam Lami," akasema kabla sijajitambulisha. Hata huku lilishafika.

Nilimwambia ofisi inasema hajaleta cheti. Alicheka vibaya.

"Nilete cheti cha nini, dada yangu? Vipimo vya pamoja havijafanyika. Na vimekwama hapo hapo senta kwenu."

Akaniambia kilichotokea. Wapimaji walipokuja mwanzo waliweka nondo za rejea kando ya barabara yote. Kipande cha chuma kinapigiliwa ardhini, kinamwagiwa zege kuzunguka, kichwa kinapakwa rangi nyekundu. Ndizo zinazoonyesha barabara ipite wapi na iwe na kimo gani. Hapo senta nondo tatu mfululizo zilipotea. Opereta wa mashine, kwa kuwa alisukumwa amalize kabla ya mvua, akachimba mtaro kwa macho. Watu wa ofisi walipokuja kupima wakasema hawawezi kusaini kazi ambayo haina alama ya kuipimia.

"Si mziweke nyingine?" nikauliza.

"Kazi ya siku mbili. Mpimaji na chombo chake, anazitafuta kutoka zile zilizobaki, anaziweka. Siku mbili tu." Akatema makapi ya muwa. "Ofisi inasema kuzilinda ilikuwa kazi yetu, turudishe kwa gharama yetu. Bosi anasema eneo tulikabidhiwa likiwa na watu ndani, kwa hiyo gharama ni yao, na watuongezee muda. Wanaandikiana barua. Nondo ni siku mbili, barua ndizo miezi."

"Na kama ofisi ingekuwa na hela tele, bosi wako angebishana kwa ajili ya siku mbili?"

Akaacha kumenya. "Hilo swali usiniulize mimi."

Kisha akaingia kontena akatoka na nondo moja ya akiba ili nielewe anachokisema. Nene kama kidole gumba, yenye mikunjo kama ya skrubu kubwa, ndefu kama mkono wangu kutoka begani. Kichwani ilikuwa na rangi nyekundu iliyoshuka kidogo pembeni kama nta.

Niliishika. Nilikuwa ninaijua. Nilikuwa nimekula juu yake tangu kiangazi mpaka siku ile.

Nilimuaga msimamizi haraka mpaka akauliza kama naumwa. Nikapanda bodaboda kurudi senta.

Mama mdogo alikuwa anapanga mkaa. Juu ya jiko, juu ya ile nusu pipa iliyokatwa, zilikuwa zimelazwa nondo tatu sambamba, na juu yake wavu. Rangi ilishaungua, lakini kwenye ncha moja, iliyotokeza nje ya moto, palibaki wekundu kidogo. Nilikuwa nimeiona kila jioni. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi ningepaswa kuambiwa.

"Mama," nikamwambia, "hizi ulizitoa wapi?"

"Zipi?"

"Hizi zinazobeba mbuzi."

Hakuficha hata kidogo. Alifuta mikono kwenye kanga, akaniambia nikae.

"Asubuhi moja walikuja watu wanne na gari jeupe. Hawakupiga hodi. Hawakusema mwangaluka, hawakusema habari, hawakusema lolote. Wakapiga chuma hapo mlangoni kwangu, ng'o, ng'o, ng'o, wakamwaga zege, wakapaka rangi, wakapanda gari. Kingine kwa muuza mitumba, kingine kwa fundi baiskeli. Sisi tukatazamana. Unakumbuka shamba la mihogo?"

Nilikumbuka. Nani asingekumbuka? Nilikuwa msichana wakati ule. Mtu alikuja shambani akapiga chuma pembe nne, akaondoka. Baadaye akarudi na leseni ya kuchimba dhahabu, na zile bikoni zikawa mpaka wake. Mama mdogo alilipwa mihogo iliyokuwa imesimama, basi. Leo pale kuna maduara na karasha la kusaga mawe, na mlio wake unasikika mpaka senta upepo ukigeuka.

"Kwetu huku," akasema, "chuma kikipigwa ardhini bila hodi, ujue ardhi imeshauzwa. Nikasema safari hii, hapana gete. Jioni ile ile tukachimba, wote watatu. Zege likavunjwa, chuma nikakichukua mimi kwa sababu wao hawachomi nyama."

"Mama, zilikuwa za barabara!"

"Balabala inapigwa chuma?"

Nikamwambia yote. Nilipaza sauti, nakiri, na wateja wawili waliokuwa wanakula wali walisogea na sahani zao. Nilimwambia kuhusu vipimo, na cheti, na barua. Nilimwambia kung'oa alama za wapimaji ni kosa la kisheria. Uso wake ulibadilika taratibu. Mwishoni alikuwa anaangalia zile nondo kama anayeangalia nyoka.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeizuia," akasema.

Ni yeye? Zikirudishwa kwa siku mbili, mbona hazikurudishwa? Ni mkandarasi, aliyepeleka mitambo Runzewe? Ni fungu, linaloingia kidogo kidogo kiasi kwamba mkandarasi anaona afadhali kubishana kuliko kufanya kazi ya kusubiri kulipwa? Kila uzi niliouvuta ulikuja na mwingine. Nilimwambia, "Sijui, mama. Kweli sijui."

Redioni sikupeleka chochote siku ile. Niliogopa wangesema wafanyabiashara ndio waliohujumu barabara, na stori ingekuwa fupi na tamu, kila mkubwa angeipenda.

Mama mdogo hakulala vizuri. Asubuhi alinipigia simu akasema ameshaamua. Anakwenda kwa mtendaji kuchukua kizimba, aondoke pale kabla gari jeupe halijarudi. Kisha atazipeleka nondo kambini na kusema kweli. "Nikiwa pale pale mlangoni siwezi kusema," alisema. "Nitaonekana naomba huruma ili nibaki." Nilimwambia asubiri nije. Nilipofika alikuwa ameshatia saini, ameshapewa namba ya kizimba, na nondo tatu zimesuguliwa kwa majivu zikang'aa, zimefungwa kwa kanga kuukuu. Kwenye mfuko wa rambo alikuwa na kanga mbili na sabuni, endapo atalazwa mahabusu.

Nilicheka, kisha nikataka kulia. Tukaenda.

Msimamizi alitupokea vizuri, akatuletea viti vya plastiki. Mama mdogo alifungua kanga akazilaza nondo miguuni kwake, akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi, ingawa kwa umri angeweza kuwa mama yake.

"Baba, hizi ni zenu. Nilizing'oa mimi. Nilidhani ni bikoni za dhahabu. Nisamehe, na barabara iendelee."

Msimamizi aliinama. Akainua moja, akainusa.

"Hii ina harufu ya mbuzi," akasema.

"Mbuzi wa jana," akasema mama mdogo.

Jamaa akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi. "Ninyi Wasukuma! Mkiona chuma mnajua jembe tu."

"Na ninyi Wazaramo mkiona kivuli mnajua kitanda," akajibiwa papo hapo, na hapo hata mlinzi wa getini alicheka.

Lakini hakuzichukua. Alizirudisha kwenye kanga mwenyewe, moja baada ya nyingine.

"Mama yangu, nondo siyo kitu. Kitu ni pale ilipokuwa. Ikishang'oka ni chuma tu, hata ukiirudisha shimo lile lile haiaminiki tena. Na mimi nikizipokea lazima niandike nimezipata kwa nani. Mhandisi atataka jina. Bosi wangu ameomba muda zaidi kwa barua inayosema zimepotea hazijulikani zilipo. Wewe ukitokea nazo, kila mtu anaingia matatani. Acha zipotee. Nenda ukachomee nyama."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu anayemshtaki mama mdogo. Sikujiandaa kwa mtu anayemkatalia hata kushtakiwa. Mama mdogo naye alikaa na mfuko wake wa kanga na sabuni magotini, haelewi kama amesamehewa au amefukuzwa.

"Hata kosa langu hamlitaki?" akauliza.

Msimamizi alikuna kichwa. Nadhani alitaka kumpa kitu cha kwenda nacho. Akauliza kwa upole, "Hiyo ya kwako ilikuwa wapi hasa?"

"Mlangoni. Hatua moja kutoka jikoni, upande wa barabarani."

"Sawa. Ndiko zinakokaa." Akachora mstari mavumbini kwa nondo yenyewe. "Hizi zinawekwa nje ya kazi, mahali ambapo mashine haifiki, ili zisivurugwe. Huku barabara, huku mtaro, halafu nondo. Kuanzia kwenye nondo kurudi nyuma hakuguswi. Ndiyo maana safu ya mbele ilipigwa X, ninyi wa nyuma hamkupigwa. Mtaro ungekuwa mbali na wewe kabisa, na pangewekwa kivuko cha zege magari yaingie. Opereta alikuja mpaka mlangoni kwako kwa sababu hakuona chuma cha kumsimamisha."

Alisema hayo akidhani anamfariji. Hakujua kuhusu saini ya asubuhi.

Mama mdogo alisimama. Hakuaga. Tulikwenda kwa mtendaji kwa miguu, yeye mbele na nondo begani, mimi nyuma nikiongea peke yangu. Mtendaji hakuwa mtu mbaya. Alituonyesha kiti, akasikiliza mpaka mwisho, halafu akafungua mikono. Nafasi ya zamani ya mama mdogo ilikuwa na mtu aliyeiomba siku nyingi, kijana wa kutoa na kuweka pesa kwa simu, aliyekosa nafasi ya mbele kwa sababu ya X. Ilikwisha kutolewa saa nne asubuhi. Nilimfokea. Nilimwambia anaharibu maisha ya watu kwa muhuri. Mama mdogo akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Mimi ndiye niliyekuja mwenyewe. Wabeja, baba. Tunashukuru."

Hatimaye greda likawashwa: fungu liliingia, au barua zilikwisha, au mvua ilikatika. Nimewauliza wote watatu, diwani, mhandisi na msimamizi, na kila mmoja ana jibu lake na ushahidi wake. Mhandisi aliniambia mkandarasi alirudisha nondo kwa gharama yake. Msimamizi aliniambia walikubaliana nusu kwa nusu. Diwani aliniambia ni yeye. Mimi nilitengeneza kipindi, watu wakakisifu, na mpaka leo nikikisikiliza sielewi nilichokuwa nasema.

Barabara sasa ina lami. Mtaro umejengwa kwa mawe, mbali na kile kibanda, na mlangoni pana kivuko kipana. Fuso zinasimama pale. Kijana wa pesa za simu ameongeza jokofu la soda, na mbele yake, ukitazama chini, kuna nondo mpya yenye kichwa chekundu ambayo hakuna aliyeigusa.

Mama mdogo yuko nyuma ya shule. Wateja wake ni walimu, na watu wanaomkumbuka, na mimi. Nondo tatu bado zinabeba wavu wa nyama, hajanunua nyingine. Juzi nilikuwa nimekaa naye jioni, karasha linasikika kwa mbali, akageuza mishikaki akaniuliza bila kuniangalia.

"Kile chuma kilikuwa kinasema nibaki?"

"Ndiyo, mama. Ndicho kilichokuwa kinasema."

Akapuliza mkaa. Moshi ukamwingia machoni, akaufuta kwa kiganja.

"Wale wa gari jeupe walikuwa watu wanne," akasema. "Na wote walikuwa na midomo."